Wanafunzi 320, Shule 8: Barua kwa Mwanafunzi Wangu Kuhusu Sura ya Nne

Mwanangu,

Salaam. Sura yako ya nne nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kikokotoo pembeni. Wino mwekundu nimeuweka mahali patatu tu, lakini hapo ndipo tasnifu yote imeegemea, kwa hiyo nimeona nikuandikie barua badala ya kubanana pembeni mwa karatasi.

Sentensi ya kwanza iko ukurasa wa 71: "Matokeo yanaonyesha kuwa chakula cha mchana shuleni kiliongeza ufaulu wa Hisabati kwa kiwango muhimu kitakwimu (p = 0.008)." Ya pili iko ukurasa wa 74: "Hakuna tofauti ya ufaulu kati ya wavulana na wasichana (p = 0.24)." Mahali pa tatu si sentensi, ni kitenzi kimoja, hicho "kiliongeza", ambacho kimejirudia kwenye ikisiri, kwenye sura ya tano na kwenye mapendekezo yako kwa Wizara.

Data zako hazina tatizo. Umesahihisha karatasi 320 kwa mkono wako, na nimezipitia thelathini bila kukuta kosa. Hesabu ya kompyuta nayo haina kosa. Kosa ni kwamba uliiambia kompyuta una vitu 320 vinavyojitegemea, ikakuamini. Nitakueleza kwanza kwa nini si 320, halafu tutakwenda hatua kwa hatua mpaka sentensi mpya zipatikane.

Kabla ya kugusa kompyuta: ulilinganisha nini na nini?

Ulichukua shule 4 zinazotoa chakula cha mchana na shule 4 zisizotoa. Kila shule ulipata wanafunzi 40 wa Kidato cha Pili. Wenye chakula walipata wastani wa alama 47.1, wasio na chakula 42.3. Tofauti ni alama 4.8. Ukafanya jaribio la t kwa 160 dhidi ya 160, kosa sanifu, yaani kiasi ambacho tofauti huyumba kwa bahati tu, likatoka 1.79, t, yaani tofauti ikigawanywa kwa kosa hilo, ikawa 2.68, na ile p, uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu, ikatoka ndogo, ikakufurahisha.

Sasa jiulize: chakula kilikuwa kinatolewa kwa nani? Si kwa mwanafunzi mmojammoja. Hukukuta shule ambayo huyu anakula na jirani yake wa dawati anakaa na njaa. Shule nzima inakula au shule nzima haili. Kwa hiyo kitu kinachobadilika kati ya pande zako mbili ni shule, na shule unazo 8.

Chukua shughuli ya harusi yenye masufuria manane ya pilau, manne yamepikwa na fundi mmoja na manne na mwingine. Ukionja vijiko arobaini kutoka kila sufuria, umeonja vijiko 320. Je, umepata ushahidi 320 kuhusu mafundi hao? Kijiko cha pili cha sufuria ileile kimekuambia kidogo sana ambacho cha kwanza hakikusema. Kama chumvi ilizidi humo, vijiko vyote arobaini vitalalamika kwa sauti moja.

Wanafunzi wa shule moja ni hivyohivyo. Umeandika mwenyewe katika sura ya tatu kwamba shule A ina walimu wawili wa Hisabati, na shule F ina mmoja anayefundisha vidato vyote vinne. Wanafunzi arobaini wa shule F wanashiriki mwalimu huyo mmoja, ratiba ileile, na uhaba uleule wa vitabu. Alama zao zinafanana kwa sababu ambazo hazihusiani na chakula. Jaribio la t la kawaida halijui jambo hilo. Linadhani kila mmoja ametokea mahali pake.

Hatua ya kwanza: toa wastani wa kila shule, uuangalie kwa macho

Nimekutolea kutoka kwenye faili lako:

| Shule | Chakula | Wastani |
|---|---|---|
| A | ndiyo | 55.2 |
| B | ndiyo | 39.8 |
| C | ndiyo | 50.6 |
| D | ndiyo | 42.8 |
| E | hapana | 45.9 |
| F | hapana | 35.1 |
| G | hapana | 49.0 |
| H | hapana | 39.2 |

Chukua karatasi, chora mstari wa alama kutoka 30 hadi 60, weka nukta nane: nne kwa wino wa bluu na nne kwa mweusi. Usiitumie kompyuta kwa kazi hii. Utaona nukta zimechanganyika. Shule G isiyo na chakula imeipita B na D zenye chakula. Hata E imezipita hizo mbili. Na ukiangalia ndani ya kundi moja, kati ya A na B, zote zikiwa na chakula, kuna pengo la alama 15.4. Tofauti yako ya 4.8 inaogelea ndani ya mabadiliko makubwa zaidi yanayotokea baina ya shule na shule bila chakula kuwa na neno.

Ungechora nukta hizi nane mwezi uliopita, barua hii nisingeiandika. Jedwali lako la 4.3 lilionyesha jumla tu ya pande mbili, na jumla ilizificha shule zote.

Hatua ya pili: pima kufanana huko

Kuna namba moja inayosema wanafunzi wa shule moja wanafanana kiasi gani. Huandikwa kwa herufi ρ, nami huiita mgawo wa ufanano. Ikiwa sifuri, kujua shule ya mtoto hakukusaidii kukisia alama yake. Ikiwa moja, wote wa shule moja wana alama ileile. Kwenye programu ya R, ambako d ni data zako, unaipata hivi:

```r
library(lmerTest)
m1 <- lmer(alama ~ chakula + (1 | shule), data = d)
summary(m1)
```

Nenda sehemu iliyoandikwa `Random effects`. Safu ya `Variance` itakupa namba mbili: ya `shule`, ambayo kwa data zako ni kama 39.2, na ya `Residual`, kama 226.4. Gawanya ya kwanza kwa jumla ya zote mbili: 39.2 ÷ 265.6 ni 0.15.

Asilimia kumi na tano inaonekana ndogo, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Leslie Kish, mtaalamu wa sampuli wa Chuo Kikuu cha Michigan, alituachia miaka ya 1960 kanuni fupi ya kuona madhara yake:

```
1 + (m - 1) × ρ
```

Hapo m ni idadi ya wanafunzi kwa shule. Kwako: 1 + 39 × 0.15 = 6.85. Gawanya 320 kwa 6.85, unapata kama 47. Yaani kwa swali lako la chakula, karatasi zako 320 zina uzito wa karatasi 47 ambazo zingetoka kwa wanafunzi waliotawanyika kila mmoja shule yake. Lile kosa sanifu la 1.79 nalo lizidishe kwa kipeuo cha pili cha 6.85, ambacho ni 2.62. Linapanda hadi karibu 4.7. Tofauti ya 4.8 yenye kosa sanifu la 4.7 haiwezi kumtikisa mtu.

Usidhani ninakubebesha sheria za kigeni. Fungua ripoti za utafiti wa afya na idadi ya watu nchini, TDHS, uende kwenye kiambatisho cha makosa ya sampuli. Utakuta safu imeandikwa `DEFT`. Hicho ni kipeuo cha pili cha kizidishio hikihiki, kwa sababu nao wanachukua kaya nyingi kutoka eneo moja la kuhesabia watu, na wanajua kaya za mtaa mmoja hufanana.

Hatua ya tatu: fanya jaribio juu ya shule

Njia rahisi, ambayo hata mtahini asiyependa mahesabu ataielewa, ni kufanya jaribio lilelile la t ulilolizoea, ila juu ya wastani nane badala ya alama 320.

```r
w <- aggregate(alama ~ shule + chakula, data = d, FUN = mean)
t.test(alama ~ chakula, data = w, var.equal = TRUE)
```

Ukipenda SPSS, nenda `Data`, kisha `Aggregate`. Weka shule na chakula kwenye `Break Variable(s)`, alama kwenye kisanduku cha chini yake, na uchague kutengeneza faili jipya. Usiruhusu liandike juu ya faili lako la zamani. Wenzako wawili wamewahi kupoteza data hivyo. Faili jipya likiwa na mistari 8, fanya `Independent-Samples T Test` kama kawaida na usome mstari wa `Equal variances assumed`.

Majibu: tofauti 4.8, kosa sanifu 4.73, t = 1.01, digrii za uhuru 6, p = 0.35. Masafa ya uhakika ya asilimia 95 yanatoka −6.8 hadi 16.4. Kwenye R alama ya kutoa itakaa upande mwingine, kwa sababu programu inapanga "hapana" kabla ya "ndiyo" kialfabeti na kutoa ya pili kutoka ya kwanza. Usishtuke, geuza tu.

Njia ya pili ni ile modeli `m1` uliyokwisha kuiandika. Kwa kuwa kila shule ina wanafunzi 40 kamili, majibu yake yatalingana na haya. Kama umekosea mahali, itakuonyesha, ila ujue pa kutazama.

Tazama mstari usemao `Number of obs: 320, groups: shule, 8`. Ukikuta `shule, 4`, maana yake uliziandika shule 1 hadi 4 upande wa chakula na tena 1 hadi 4 upande wa pili, na programu imeichanganya shule ya 1 ya huku na ya 1 ya kule ikidhani ni moja. Hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Tumia herufi A hadi H, utalala usingizi.

Halafu angalia safu ya `df`, yaani digrii za uhuru, kwenye mstari wa chakula. Inapaswa kuwa 6 au karibu na hapo. Ukiona mia tatu na kitu, ujue umerudi kuhesabu vijiko badala ya masufuria.

Rafiki yako wa uchumi atakushauri utumie makosa sanifu yaliyorekebishwa kwa makundi, kwa kuongeza neno moja tu kwenye amri. Ni njia nzuri ukiwa na makundi arobaini na zaidi. Ukiwa na manane, njia hiyo bila marekebisho ya ziada huelekea kutoa kosa sanifu dogo kuliko la kweli, na utarudi kulekule ulikotoka.

"Basi si niongeze wanafunzi?"

Najua utaniuliza hivyo, kwa sababu na mimi niliuliza. Tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa na wakulima 200 kutoka vijiji vinne, na mtahini wa nje aliirudisha kwa swali moja la mstari mmoja: "Vijiji vingapi?" Nilikasirika wiki nzima.

Jibu ni kwamba kuongeza wanafunzi hakusaidii sana. Tuseme ungerudi shule zilezile nane ukapima 400 kila shule badala ya 40, ukapata karatasi 3,200 za kusahihisha. Kosa sanifu lingeshuka kutoka 4.73 hadi kama 4.46. Hiyo tu, kwa kazi mara kumi. Lakini ungetumia karatasi zilezile 320 kwa kwenda shule 16 na kupima 20 kila moja, lingeshuka hadi kama 3.55. Fedha yako ya nauli ndiyo ingenunua ushahidi, si ya kudurufu mitihani. Weka hesabu hii kwenye sehemu ya mapungufu ya utafiti na uiandike kwa namba. Mtafiti atakayekuja nyuma yako ataitumia kupanga sampuli yake.

Lakini pia usikate tamaa kwamba makundi machache hayawezi kusema kitu kamwe. Mwanza, kati ya 1991 na 1994, ulifanyika utafiti wa kuona kama kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kungepunguza maambukizi mapya ya VVU. Jamii 12 zilipangwa katika jozi 6. Ndani ya kila jozi, jamii moja ilipata huduma iliyoboreshwa na nyingine ikasubiri. Waliandikishwa watu wazima wapatao 1,000 kwa kila jamii ili wafuatiliwe kwa miaka miwili. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1995: maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 upande uliopata huduma na asilimia 1.9 upande wa pili. Watu zaidi ya elfu kumi na mbili, na bado watafiti hawakufanya hesabu kana kwamba ni elfu kumi na mbili. Uchambuzi wao ulizingatia kwamba jamii ni 12 katika jozi 6. Walipata jibu kwa sababu jozi baada ya jozi zilielekea upande mmoja. Zako zinapishana.

Hatua ya nne: andika upya ukurasa wa 71

Kabla hujaandika, jihadhari na shimo la upande wa pili. Ukiona p = 0.35 utashawishika kuandika "chakula cha mchana hakina mchango wowote katika ufaulu." Hilo nalo ni kosa, tena lina madhara, kwa sababu kuna mtu anaweza kulinukuu kwenye kikao cha bodi ya shule na kufunga jiko.

Soma masafa, usisome p peke yake. Kutoka −6.8 hadi 16.4. Data zako zinakubaliana na chakula kuambatana na alama 16 zaidi, ambayo ingekuwa habari kubwa. Zinakubaliana na sifuri. Zinakubaliana hata na shule za chakula kuwa nyuma kwa alama 6. Ukitaka kuwa mkweli, unasema shule 8 hazitoshi kuchagua kati ya hayo.

Mimi ningeandika hivi, nawe ukayaweke kwa maneno yako:

"Wanafunzi wa shule 4 zinazotoa chakula cha mchana walikuwa na wastani wa alama 47.1, na wa shule 4 zisizotoa 42.3. Kwa kuwa chakula hutolewa kwa shule nzima, ulinganisho ulifanywa kwa wastani wa kila shule. Tofauti ilikuwa alama 4.8 (masafa ya uhakika ya asilimia 95: −6.8 hadi 16.4; t = 1.01, digrii za uhuru 6, p = 0.35). Upana wa masafa haya unaonyesha kuwa utafiti wenye shule 8 hauwezi kutenganisha tofauti inayoambatana na chakula na tofauti za kawaida baina ya shule."

Ni ndefu kuliko ya kwanza na haina shangwe. Lakini hakuna mtahini atakayeivunja.

Hatua ya tano: ukurasa wa 74

Sasa utaona kwamba kosa la wavulana na wasichana ni ndugu wa lile shimo. Ulipata wavulana 150 wamewazidi wasichana 170 kwa alama 2.1, p = 0.24, ukaandika "hakuna tofauti." Masafa yake ni −1.4 hadi 5.6. Ndani ya masafa hayo mna 4.8, tofauti ileile uliyoiita kubwa kurasa tatu nyuma. Huwezi kushangilia alama 4.8 kwenye chakula halafu ukatangaza hakuna kitu mahali ambapo 4.8 bado inawezekana. Kukosa kuthibitisha tofauti si kuthibitisha usawa. Ukitaka kudai usawa, ilibidi useme mapema, kabla ya kuona data, kwamba tofauti chini ya alama kadhaa unaihesabu si kitu, halafu masafa yote yaingie ndani ya mpaka huo.

Hapa lakini kuna habari njema, na ndiyo inayoonyesha kwamba suala la makundi si adhabu ya kila jedwali. Kila shule yako ina wavulana na wasichana. Unawalinganisha wanaoshiriki mwalimu mmoja na ubao mmoja, kwa hiyo tofauti za shule zinajifuta zenyewe. Endesha hii:

```r
m2 <- lmer(alama ~ chakula + jinsia + (1 | shule), data = d)
summary(m2)
confint(m2)
```

Namba ya jinsia itasogea kidogo kutoka ile 2.1, na masafa yake yataelekea kuwa membamba kuliko ya mwanzo, si mapana. Chukua namba za modeli hii, uachane na zile za awali. Kwa mstari wa chakula, bado tumia masafa ya hatua ya tatu, kwa kuwa `confint` kwa kawaida huyabana kidogo makundi yakiwa machache. Sentensi iwe ya aina hii: "Wavulana walikuwa mbele kwa alama kadha wa kadha, data hazionyeshi kwa uhakika mwelekeo wa tofauti hiyo, ila tofauti inayozidi alama 6 haiungwi mkono." Mpaka huo wa 6 ubadilishe kulingana na masafa utakayoyapata.

Hatua ya sita: kitenzi

Hata ungekuwa na shule 80 na p yenye sifuri nne, "kiliongeza" kisingekaa. Ukurasa wa 48, sura ya tatu, umeandika kwamba shule zenye chakula zinakigharimia kwa michango ya wazazi. Basi shule hizo ndizo zenye wazazi wanaoweza kuchanga, na wanaoweza kuchanga mahindi na maharage huenda ndio wanaonunua vitabu na kulipia masomo ya ziada. Chakula na hayo mengine yamefika shuleni kwa mlango mmoja. Hukuigawia shule yoyote chakula, ulikikuta. Wale wa Mwanza jamii ya kuanza katika kila jozi waliichagua kwa kura, ndiyo maana waliweza kusema huduma ilipunguza maambukizi.

Fungua faili zima, tafuta "ongeza", "sababisha", "athari", "chang" na "pelekea", moja baada ya nyingine. Si kila mahali utabadilisha. Ukiwa unaeleza nadharia za wengine kwenye sura ya pili, viache. Lakini pale unapozungumzia data zako, weka "inaambatana na", "inahusiana na", "walikuwa na wastani wa juu zaidi". Kichwa cha tasnifu kina neno "Athari za". Kulibadilisha kuwa "Uhusiano kati ya" kutahitaji idhini ya ofisi ya shahada za juu, kwa hiyo ulizia kesho, usisubiri wiki ya kuwasilisha. Mapendekezo ya sura ya tano, lile la Wizara kuagiza shule zote zianze kupika, liondoe. Unaweza kupendekeza utafiti wenye shule nyingi zaidi, na ile hesabu ya shule 16 ikusaidie kusema ngapi.

Ikisiri iandike mwisho kabisa, baada ya yote haya kutulia. Wengi husahihisha sura ya nne wakaiacha ikisiri ikipiga mbiu ya zamani, na mtahini huanza kusoma hapohapo.

Nakadiria kazi hii ni ya siku nne: moja ya kompyuta, tatu za kuandika. Jedwali la 4.3 likae na safu ya shule zote nane. Yale ya 4.1 na 4.2 ya umri na jinsia usiyaguse, yako sawa.

Ukija Alhamisi saa nne, kompyuta iache nyumbani. Njoo na ile karatasi yenye nukta nane.

Msimamizi wako